Mwongozo Kamili: Kupanga Deki ya Hearthstone Isiyokwama Mwanzoni wala Kuishiwa Kadi Katikati

Deki nyingi ninazoombwa nizikague zina ugonjwa wa aina mbili. Ya kwanza imejaa majitu makubwa, na mwenyewe anakaa zamu nne akitazama kadi asizoweza kuzilipia. Ya pili ni mwitikio wa ya kwanza: mtu kachoka kukwama, kajaza vitu vidogo vitupu, halafu ikifika zamu ya sita mkono ni mtupu na adui bado ana uhai wa 15.

Watu wanazitibu kama shida mbili tofauti, lakini ni moja. Bei za kadi zako ndizo zinazoamua utashusha kadi ngapi kila zamu, na idadi hiyo ndiyo inayoamua unahitaji kuvuta kadi za ziada kiasi gani. Ukirekebisha upande mmoja bila kuangalia wa pili, utazunguka palepale.

Nitatumia Hearthstone ya Blizzard, kwa sababu hesabu yake ni safi na haina kadi za ardhi, zile za kulipia kadi nyingine, za kuvuruga mambo. Mfano wetu ni deki ya shujaa Mage, ya kadi za zamani, na namba za kadi ni zile zilizotoka nazo mchezo ulipozinduliwa mwaka 2014. Blizzard hubadilisha namba mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kunakili chochote, soma kadi iliyoko kwenye mkusanyiko wako. Kinachofaa kunakiliwa ni njia ya kuhesabu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi na kalamu, au ukurasa wa maandishi kwenye simu. Usitegemee kichwa.

Deki moja unayoichezea sasa, yenye kadi zake 30. Usianze na deki tupu, maana utarudia mazoea yaleyale.

Mchoro wa mana wa deki hiyo, mana ikiwa ndiyo unayolipia kadi. Ukiwa kwenye mkusanyiko, weka kielekezi juu ya deki, au kwenye simu ishikilie kwa kidole. Itatokea ile safu ya miti inayoonyesha una kadi ngapi za kila bei, wa mwisho ukiwa umeandikwa `7+`.

Na sheria hizi chache, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zimesimama juu yake. Unaanza na mana 1, inaongezeka moja kila zamu hadi 10, na usiyoitumia inapotea. Anayeanza hupewa kadi 3, anayefuata hupewa 4 pamoja na `The Coin`, inayompa mana 1 ya zamu hiyo tu. Kila zamu unavuta kadi moja. Mkono haubebi zaidi ya kadi 10. Deki ikiisha, kila unapotakiwa kuvuta unaumia: uhai 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea.

## Hatua ya 1: Andika deki yako kwa zamu, usiiandike kwa bei

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Wanaangalia mchoro, wanaona mti wa bei 2 una urefu mzuri, wanaridhika. Lakini mchoro unahesabu bei tu. Haujui kama kadi hiyo inaweza kushushwa kwa maana katika zamu ya pili.

Chukua `Frostbolt`. Bei yake ni 2, inapiga 3 na kugandisha. Zamu ya pili, kama adui hajaweka kitu, huna wa kumpiga zaidi ya shujaa mwenyewe, na ukifanya hivyo umetupa kadi nzuri. Hiyo ni kadi ya bei 2, lakini si kadi ya zamu ya 2. `Shattered Sun Cleric` ya bei 3 inampa kiumbe mwenzake +1/+1, yaani pigo 1 na uhai 1 zaidi. Ikishuka uwanja ukiwa mtupu imeacha nusu ya thamani yake mkononi. Kwa hiyo yenyewe ni kadi ya zamu ya 3 ikiwa tu zamu ya 2 ulishusha kitu kikabaki hai.

Andika safu saba, zamu ya 1 hadi ya 7. Kila kadi iandike chini ya zamu ya kwanza ambayo ungefurahi kuishusha uwanja ukiwa mtupu. Zile zinazosubiri adui afanye jambo, ziweke pembeni katika safu ya nane: kadi za kujibu.

Deki yetu ya mfano ndiyo hii, na ni ya kawaida kabisa kwa mtu anayependa kadi zenye namba kubwa:

- Bei 1: `Mirror Image` 2
- Bei 2: `Frostbolt` 2, `Acidic Swamp Ooze` 1
- Bei 3: `Arcane Intellect` 2, `Shattered Sun Cleric` 2
- Bei 4: `Fireball` 2, `Water Elemental` 2, `Chillwind Yeti` 2, `Sen'jin Shieldmasta` 2
- Bei 5: `Azure Drake` 2, `Nightblade` 1
- Bei 6: `Boulderfist Ogre` 2, `Lord of the Arena` 2
- Bei 7: `Flamestrike` 2, `Core Hound` 2, `War Golem` 2

Mchoro unaonyesha kadi tatu za bei 2. Karatasi yetu inaonyesha moja tu ya zamu ya 2, ile `Acidic Swamp Ooze`. Wakati huohuo kadi za bei 6 na 7 ziko kumi, theluthi nzima ya deki.

Umefaulu ikiwa karatasi yako haifanani na mchoro wa kwenye skrini. Ikifanana kabisa, rudia, kwani kuna kadi ya kujibu umeihesabu kama kadi ya kushusha.

## Hatua ya 2: Pima zamu ya 2

Zamu ya 1 si lazima ushushe kitu. Deki nyingi nzuri huipita kimya. Zamu ya 2 ni habari nyingine, na sababu yake inaonekana vizuri ukifuatilia mchezo mmoja.

Adui ameanza yeye. Zamu yake ya 2 anashusha `Bloodfen Raptor`, 3/2. Wewe huna kitu, unatumia uwezo wa shujaa wa Mage: mana 2, unapiga 1. Raptor amebaki na uhai 1. Zamu yake ya 3 anakupiga 3 na kushusha `Harvest Golem`, 2/3, ambayo ikifa inaacha kiumbe mwingine wa 2/1. Wewe unacheza `Arcane Intellect`, unavuta kadi mbili. Zamu yake ya 4 anakupiga 5 na kushusha `Chillwind Yeti`, 4/5. Wewe unashusha Yeti wako.

Hesabu sasa. Umetumia mana 9 kati ya 10 ulizopewa, kwa hiyo ukiangalia mana iliyopotea utasema umecheza vizuri. Lakini una kiumbe mmoja dhidi ya watatu, uhai wako ni 22, na zamu ya 5 lazima uanze kuzima moto. Mana 2 za uwezo wa shujaa zimenunua pigo la 1. Mana 2 za adui zimenunua kiumbe aliyepiga mara mbili na bado yuko hai. Kutumia mana ni jambo moja, kuitumia kwa kitu kinachobaki uwanjani ni jambo jingine.

Sasa swali: unahitaji kadi ngapi za zamu ya 2 ili mara nyingi uwe nayo moja kwa wakati? Hizi hapa nafasi kwa anayeanza, ikiwa anarudisha kadi zote tatu za mwanzo pale anapokosa anachotaka, kisha anavuta zamu ya 1 na ya 2:

- Kadi 1 kwenye deki: asilimia 26
- Kadi 2: asilimia 46
- Kadi 4: asilimia 72
- Kadi 6: asilimia 86
- Kadi 8: asilimia 94

Tazama jinsi faida inavyopungua. Kutoka kadi 2 hadi 4 umepata asilimia 26. Kutoka 6 hadi 8 umepata 8 tu, na umelipa nafasi mbili ambazo zamu ya 9 zitakuwa vitoto vya 2/3 visivyomtisha mtu. Ndiyo maana kwa deki ya kati, isiyo ya kukimbilia ushindi wala ya kungoja mwisho, mimi husimama kwenye 6. Deki ya kukimbia inaweza kwenda 8 na kuongeza za zamu ya 1. Deki ya kungoja inaweza kushuka hadi 4, mradi kadi zake za kujibu ni za bei nafuu.

Tahadhari: usijaze safu ya zamu ya 2 kwa kadi zinazohitaji mwenzake ili ziwe na maana. Zitakuwepo mkononi, asilimia itaonekana nzuri, na bado zamu ya 2 utakuwa unajiuliza.

## Hatua ya 3: Wekea kikomo kadi nzito

Hapa kuna mzozo ambao hauishi. Mtu anasema, "Lakini nisipoweka sita za bei 7, sitazipata ninapozihitaji." Tuhesabu.

Anayeanza, akifika zamu ya 7, ameona kadi 10. Ukiwa na nakala mbili tu za `Flamestrike`, nafasi ya kuwa nayo angalau moja kufikia hapo ni asilimia 56. Ukiwa na kadi nzito nne za aina yoyote, nafasi ya kuwa na moja kati yake ni asilimia 82. Kwa maneno mengine, kadi nne nzito zinatosha kukupa mojawapo katika michezo minne kati ya mitano, bila hata kuhesabu kadi za kuvuta.

Upande wa pili wa sarafu: kufikia zamu ya 4 umeona kadi 7. Deki yetu ya mfano ina kadi kumi za bei 6 na 7, kwa hiyo kati ya hizo saba, wastani ni zaidi ya mbili zisizoweza kuguswa. Unacheza na kadi tano dhidi ya saba za adui. Hiyo ni hasara ya kadi, hata kama hakuna aliyekunyang'anya kitu. Watu wanapozungumza juu ya faida ya kadi hufikiria kuvuta tu. Kadi isiyochezeka ni pengo mkononi kama ile ambayo hukuwahi kuipata.

Kwa deki ya kati, kikomo changu ni kadi nne za bei 6 kwenda juu. Na kila moja lazima ijibu swali hili: ikishuka nikiwa nyuma, inanirudisha mchezoni? `Flamestrike` inajibu ndiyo, kwa sababu inapiga viumbe vyote vya adui kwa pamoja. `Core Hound` ya 9/5 haijibu. Inashuka, haifanyi lolote zamu hiyo, na adui mwenye viumbe vitatu anaipita tu na kumpiga shujaa wako.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja kila kadi nzito inafanya nini siku mambo yameharibika.

## Hatua ya 4: Hesabu kadi zinazotoka na zinazoingia

Hii ndiyo hatua inayounganisha mambo, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Chora mistari miwili. Wa juu ni kadi ulizoona: kwa anayeanza ni 3 ukijumlisha namba ya zamu. Zamu ya 5 ni 8, zamu ya 6 ni 9, zamu ya 7 ni 10. Wa chini ni kadi unazotarajia kuwa umeshusha. Pale mistari inapokutana, mkono umeisha.

Deki ya kati yenye mchoro mzuri inashusha moja zamu ya 2, moja ya 3, moja ya 4, moja ya 5, kisha mbili zamu ya 6 na mbili ya 7. Jumla 8 kati ya 10. Umebaki na kadi mbili, na kuanzia hapo unavuta moja huku mana inataka mbili. Utakauka kati ya zamu ya 8 na ya 9.

Deki ya kukimbia inashusha moja zamu ya 1, moja ya 2, kisha mbili kila zamu. Kufikia zamu ya 6 ingetaka kadi 10, na umeona 9. Imekauka zamu mbili au tatu kabla ya mwenzake. Hapo ina njia mbili tu: iwe imemmaliza adui, au iwe na chanzo cha kadi kisichoharibu kasi. Ndiyo sababu deki za viumbe vidogo zilizoitwa Zoo zilikaa kwa Warlock: uwezo wake wa shujaa, `Life Tap`, unavuta kadi kwa mana 2 na uhai 2, bila kuchukua nafasi hata moja kati ya zile 30.

Sasa pima kila kadi kwa kuuliza imebadilishana na ngapi. `Arcane Intellect` ni moja inayotoka na mbili zinazoingia: faida ya moja. `Loot Hoarder`, 2/1 wa bei 2, akifa unavuta. Akifa pamoja na kiumbe wa adui, mmebadilishana moja kwa moja na wewe umepata moja juu. `Azure Drake` ni 4/4 wa bei 5 anayevuta anaposhuka, yaani kiumbe na kadi kwa pamoja. `Flamestrike` ikiua watatu ni moja kwa tatu, na hapo hukuvuta chochote. `Harvest Golem` humlazimisha adui kuiua mara mbili.

Lakini faida hizi hazilipwi bei sawa. `Arcane Intellect` zamu ya 3 inakuachia uwanja uleule uliokuwa nao, na tuliona kwenye Hatua ya 2 inavyogharimu. `Loot Hoarder` anakaa uwanjani akipiga kabla hajakulipa. Kwa hiyo ninazigawa kadi za kuvuta mafungu mawili: zinazovuta na kuacha kiumbe, na zinazovuta tu. Za fungu la kwanza weka kadiri deki inavyobeba. Za fungu la pili, kwa deki ya kati, mbili zinatosha.

Kiasi gani kwa jumla? Angalia mistari yako inakutana wapi. Deki ya kati inayokauka zamu ya 8 au 9 inahitaji takriban vyanzo sita kati ya 30, ili kufikia zamu ya 7 uwe umeona wastani wa viwili. Hiyo inasogeza ukame zamu mbili au tatu mbele, na michezo mingi ya deki za aina hii itakuwa imeamuliwa kabla ya hapo.

Tahadhari: kuvuta kunaweza kuzidi. Mkono ukiwa na kadi 10, inayofuata inachomwa mbele ya macho yako. Na deki inayovuta sana inajimaliza yenyewe, uanze kuumia kwa 1, 2, 3. Ukiona kadi zinachomwa, una vyanzo vingi au mchoro wako umekuwa mzito mno kiasi cha kutoweza kutoa unachopata.

## Hatua ya 5: Badilisha kadi, ukianza na za kutoa

Usianze kwa kutafuta kadi nzuri za kuingiza. Anza na kutoa, ili nafasi ijulikane.

Kwenye deki yetu tunatoa kadi tisa: `Mirror Image` 2, `Nightblade` 1, `Lord of the Arena` 2, `Core Hound` 2, `War Golem` 2. `Mirror Image` inatoka kwa sababu inaweka viumbe viwili vya 0/2 ambavyo havipigi. Ni kadi ya kujilinda ndani ya deki isiyo na haja ya kusubiri. Nyingine ni majitu tuliyokwisha kuyahukumu, na `Nightblade` ambaye pigo lake la 3 linaenda kwa shujaa wa adui wakati tatizo letu liko uwanjani.

Tunaingiza tisa: `Mana Wyrm` 2, `Loot Hoarder` 2, `Acidic Swamp Ooze` ya pili, `Faerie Dragon` 2, `Harvest Golem` 2. Deki sasa ni hii:

- Bei 1: `Mana Wyrm` 2
- Bei 2: `Frostbolt` 2, `Acidic Swamp Ooze` 2, `Loot Hoarder` 2, `Faerie Dragon` 2
- Bei 3: `Arcane Intellect` 2, `Shattered Sun Cleric` 2, `Harvest Golem` 2
- Bei 4: `Fireball` 2, `Water Elemental` 2, `Chillwind Yeti` 2, `Sen'jin Shieldmasta` 2
- Bei 5: `Azure Drake` 2
- Bei 6: `Boulderfist Ogre` 2
- Bei 7: `Flamestrike` 2

Kadi za zamu ya 2 sasa ni sita, asilimia 86. Kadi nzito ni nne. Vyanzo vya kadi ni sita, na vinne kati yake vinaacha kiumbe. Wastani wa bei umeshuka kutoka 4.43 hadi 3.47, ingawa wastani peke yake haukuambii kitu: deki yenye kadi 15 za bei 1 na 15 za bei 6 ina wastani wa 3.5, na haichezeki.

Rudia mchezo ule wa Raptor kwa deki hii. Adui anashusha Raptor zamu ya 2, wewe unashusha `Loot Hoarder`. Akimpiga Hoarder, wote wawili wanakufa na unavuta kadi. Akikupiga wewe na kushusha Golem, zamu yako ya 3 unampeleka Hoarder akamuue Raptor, unavuta kadi, na bado una mana 3 za kushusha `Harvest Golem` wako. Uwanja uko sawa kwa sawa, na mkono wako una kadi moja zaidi. `Arcane Intellect`, kama ipo mkononi, inangoja zamu ya 5 ambapo utaicheza pamoja na kiumbe wa bei 2, au ya 7 pamoja na wa bei 4.

## Hatua ya 6: Badili kadi za mwanzo kwa kufuata mchoro, si kwa kupenda kadi

Mchoro mzuri unaharibika kwa kosa moja la sekunde tano: kushikilia `Fireball` mwanzoni kwa kuwa ni kadi nzuri. Ni nzuri zamu ya 6. Mwanzoni inakaa mahali pa kadi ya zamu ya 2.

Kwa deki yetu, shikilia `Mana Wyrm` na viumbe vya bei 2. Ukiwa tayari na kimoja cha bei 2, unaweza kushikilia `Harvest Golem`. Chochote cha bei 4 kwenda juu kirudishe. Hearthstone haikupi tena, katika ubadilishaji huohuo, kadi uliyoirudisha, kwa hiyo kurudisha kunakuongezea nafasi kwelikweli.

Ukiwa wa pili, una kadi moja zaidi na ile `The Coin`. Hapo unaweza kushikilia `Water Elemental` au Yeti, ikiwa tu una kiumbe wa bei 2: zamu ya 2 unashusha kidogo, zamu ya 3 unaongeza mana 1 na kushusha cha bei 4. Usiitumie zamu ya 1 kwa ajili ya kiumbe wa bei 2 kama zamu ya 2 huna kingine. Umesogeza pengo tu.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja, kabla ya zamu ya kwanza, utacheza nini zamu ya 2 na ya 3.

## Hatua ya 7: Cheza michezo kumi ukiandika mambo mawili tu

Michezo kumi haitoshi kukuambia deki inashinda kwa kiasi gani. Bahati ni kubwa mno. Lakini inatosha kukuonyesha mana inapotelea wapi. Kila mchezo andika: mana ngapi hazikutumika hadi mwisho wa zamu ya 5, ukihesabu zamu ya 2 ya uwezo wa shujaa kama iliyopotea, na ulikuwa na kadi ngapi mkononi mchezo ulipoisha.

Ukishindwa ukiwa na kadi tano au zaidi mkononi, mchoro ni mzito. Rudi Hatua ya 3, toa kadi moja nzito kwa ajili ya moja ya bei 2 au 3. Ukishindwa mkono ukiwa mtupu na adui ana kadi nyingi, rudi Hatua ya 4. Ukishindwa na mkono wa wastani na mana zote zimetumika vizuri, usiguse deki. Kosa liko kwenye namna ulivyobadilishana viumbe, au adui alikuwa na deki inayokufaa vibaya.

Badilisha kadi mbili kwa wakati, tena baada ya michezo kumi. Ukibadilisha nane hutajua ipi iliyosaidia.

## Mahali ambapo hesabu hizi hazihami

Ukihamia mchezo mwingine, njia ni ileile ila namba zinaanza upya. Katika Magic: The Gathering Arena mana inatoka kwenye kadi za ardhi ndani ya deki, kwa kawaida kama 24 kati ya 60, kwa hiyo unaweza kukwama ukiwa na kadi za bei nafuu tupu: ardhi haikuja. Hapo kadi ya kuvuta inafanya kazi mbili, kukuletea cha kushusha na cha kulipia. Legends of Runeterra inakuruhusu kuweka akiba hadi mana 3 kwa ajili ya kadi za uchawi, hivyo kuipita zamu ya 2 hakukuumizi kama kwenye Hearthstone, mradi deki ina uchawi wa kuitumia hiyo akiba. Marvel Snap ina deki ya kadi 12 na kwa kawaida zamu 6, na mchezo unaisha kabla mkono haujawa tatizo kubwa. Huko Hatua ya 2 ina uzito wote, na Hatua ya 4 karibu haina kazi.

Hata ndani ya Hearthstone, deki inayojengwa kuzunguka kadi moja au mbili za kumaliza mchezo kwa pigo moja itavunja kikomo changu cha kadi za kuvuta tu, na itakuwa sahihi. Yenyewe haihesabu faida ya kadi, inahesabu umbali wa kufika kwenye zile mbili. Ukiipanga hiyo, mstari wa juu wa Hatua ya 4 ndio utakaokuongoza: tafuta zamu ambayo utakuwa umeona kadi 20 kati ya 30, kisha jaza nafasi zote zilizobaki na vitu vya kukuweka hai hadi zamu hiyo.